Ukianguka kazini Saudia: namna ya kuiandikia ofisi ikakuelewa

Dada zangu mlio Riyadh, Jeddah, Dammam na kwingineko, ujumbe wa kwanza unaoutuma baada ya kuanguka kwenye nyumba ya mwajiri ndio utakaosomwa tena na tena. Maktab, ile ofisi ya wafanyakazi ya huko Saudia, wataupitia, ejenti wa Nairobi ataupitia, na mambo yakichacha hata ubalozini wataomba kuuona. Mimi niliteleza nikiosha ngazi za nje katika nyumba niliyokuwa nafanya kazi Riyadh, nikaumia mkono wa kulia. Kilichonifikisha hospitali, tena mara ya pili wakati hakuna aliyetaka kunipeleka, ni yale niliyoyaandika siku ileile. Nataka niwaeleze nilivyoandika na kwa nini.

Kwanza muelewe hofu ya anayeusoma ujumbe wako. Siku 90 za mwanzo ni za majaribio. Katika muda huo mwajiri anaweza kumrudisha mfanyakazi, na hasara inaiangukia maktab. Kwa hiyo mtu wa ofisini akipokea habari kwamba msichana ameumia, swali linalomjia kwanza ni kama amekataa kazi. Neno lolote linaloelekea huko atalishika hilo. Ukiandika "siwezi kazi tena, nimechoka, nirudisheni nyumbani", kuanguka kwako kumeshapotea na umeandikwa kuwa umegoma. Hata kama kweli unataka kurudi nyumbani, hilo ni ombi lingine na lina siku yake. Ujumbe wa kuanguka uwe wa kuanguka peke yake.

Na sisi tuna mazoea yetu ya salamu. Tumelelewa kuanza barua na "mimi mzima wa afya, hofu ni kwako". Ujumbe ukianza na "niko salama", kwa mgeni anayetafsiriwa maneno yako na mwenzake wa ofisini, habari imeishia hapo. Salimia kwa neno moja la heshima, kisha ingia kwenye jambo.

Andika, usitume sauti pekee. Sauti ni rahisi, hasa mkono ukiwa unauma, lakini mtu husikiliza nusu akaiacha, na huwezi kumwonyesha mwingine mstari ulipo. Mimi niliandika kwa kidole cha mkono wa kushoto, polepole, sentensi fupifupi. Ujumbe wangu ulikuwa hivi:

> Habari za jioni dada. Mimi ni (jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti). Nambari ya pasipoti ni (…). Niko Riyadh kwa (jina la kafil kama lilivyo kwenye mkataba).
>
> Leo Jumanne, saa nne asubuhi (10:00), nilianguka kwenye ngazi za nje za nyumba. Nilikuwa naziosha kwa maji na sabuni. Niliteleza nikaangukia kiganja cha mkono wa kulia. Sikugonga kichwa. Sikuzimia.
>
> Sasa kifundo cha mkono wa kulia kimevimba. Maumivu yako upande wa kidole gumba. Vidole vyote vinasogea. Siwezi kukamua tambara wala kuinua sufuria kwa mkono huo. Kazi za mkono wa kushoto naweza.
>
> Madam alikuwa ndani. Nilimwambia hapohapo. Alinipa barafu na Panadol. Sijapelekwa hospitali.
>
> Naomba ofisi impigie mwajiri nipelekwe hospitali kupigwa eksirei. Naomba jibu leo.

Angalia saa. Sisi tukisema saa nne asubuhi tunajua ni saa ngapi, lakini kwa saa yao nne ni alfajiri, na mwajiri ataambiwa umeanguka wakati watu wote wamelala. Hapo tayari unaonekana mwongo. Weka tarakimu pembeni kila mara, 10:00 au 22:00.

Angalia pia mahali pa maumivu. Kwetu mkono ni kuanzia begani hadi vidoleni, na mguu ni kuanzia nyongani hadi kwenye nyayo. Ukisema "nimeumia mguu" daktari hajui kama ni goti, muundi, kifundo au kidole. Taja sehemu yenyewe, taja kulia au kushoto, na useme sehemu hiyo inashindwa kufanya nini. "Inauma sana" kila mtu huiandika. "Siwezi kukamua tambara" inaeleweka na mwenye nyumba yeyote, maana anajua kazi hiyo ikoje.

Nilichokiona kwa macho yangu ndicho nilichokiandika. Sikuandika kwamba mkono umevunjika, kwa sababu mimi si daktari, na eksirei ikionyesha haujavunjika ningeambiwa nilidanganya. Sikuomba samahani pia. Najua wengi huanza na "samahani kwa usumbufu, ni makosa yangu", kwa adabu tu, lakini maneno hayo yakishaandikwa ni rahisi mtu kusema gharama ya hospitali ni yako. Vilevile sikumlaumu madam. Niliandika alichofanya: alinipa barafu na Panadol. Hilo ni kweli na linampa heshima yake, na papo hapo linaonyesha kwamba alijua siku ileile.

Hapa niseme jambo moja bila kuzunguka. Kama ulisukumwa, usiandike "nilianguka". Andika "alinisukuma", useme nani, wapi na saa ngapi, na nakala umpelekee mtu wa nyumbani na ubalozi. Wapo wanaolainisha habari ili kazi isiharibike, kisha wakipigwa mara ya pili ule ujumbe wa kwanza unatumika kuwakanusha. Kuna nambari ya wizara ya kazi ya Saudia, 19911, inayopokea malalamiko. Ihifadhi kwenye simu kabla hujaihitaji.

Tena kuna maumivu yasiyongoja jibu la ofisi. Ukigonga kichwa ukaanza kutapika, kuzubaa, kupata usingizi usio wa kawaida au kuona vitu viwili viwili, au ukianguka mgongo na miguu ikafa ganzi au mkojo ukakutoka bila wewe kujua, mwambie yeyote aliye ndani ya nyumba apige ambulansi ya Hilali Nyekundu, 997. Ujumbe utaandikwa baadaye. Lakini kama hali si ya dharura, usitoke peke yako kwenda kutafuta kliniki bila mwajiri na ofisi kujua. Unaweza kuripotiwa kuwa umetoroka, na kesi hiyo ni nzito kuliko mkono.

Kuhusu picha, nilipiga kifundo kilichovimba karibu na kile kizima, kwenye mwanga wa dirisha, nikapiga tena siku iliyofuata. Ngazi niliipiga ikiwa tupu. Usimpige madam, watoto wala mgeni, na usiirushe TikTok. Saudia ina sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2007 inayoadhibu kuingilia faragha ya mtu kwa kamera ya simu, na adhabu yake inafika hadi kifungo cha mwaka mmoja na faini ya hadi riyali 500,000. Nimewaona wasichana wenye haki kabisa wakageuka washtakiwa kwa video moja.

Sasa niwaambie kwa nini ule mstari wa kidole gumba ulikuwa na kazi. Ofisi ilipiga simu, baba mwenye nyumba akanipeleka hospitali usiku. Eksirei haikuonyesha mvunjiko. Nikafungwa bendeji, madam akafurahi, kesho yake nikarudi kwenye sufuria. Uvimbe ulipungua, lakini kila nikishika kitu kizito maumivu yalikuwa palepale, kwenye kile kishimo kinachotokea chini ya kidole gumba ukikinyoosha. Hapo ndani pana mfupa mdogo unaovunjika sana mtu akianguka na kuegemea kiganja, na mvunjiko wake mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya kwanza. Unaweza kuonekana baada ya siku 10 hadi 14. Ukiachwa bila kutibiwa unaweza kukosa kuunga, mkono ukabaki dhaifu maisha.

Mimi nilielezwa hayo na nesi Mkenya niliyekutana naye hospitalini usiku ule, akanisisitiza nirudi maumivu yasipoisha. Ofisini sikuandika habari ya mifupa. Niliandika hivi:

> Habari dada. Huu ni ujumbe wa pili kuhusu kuanguka kwangu kwa Jumanne ile. Uvimbe umepungua. Maumivu ya upande wa kidole gumba hayajaisha, yako palepale nilipoandika siku ya kwanza. Siwezi kuinua sufuria iliyojaa. Eksirei ilipigwa siku ileile. Naomba nirudishwe hospitali daktari aangalie tena na aamue kama eksirei irudiwe. Nimeambatisha karatasi ya hospitali na picha.

Madam aliwaambia maktab kwamba ni jambo jipya, kwamba nimejiumiza tena au natafuta njia ya kutofanya kazi. Dada wa ofisini alirudi kwenye ujumbe wa kwanza akawasomea: maumivu yako upande wa kidole gumba. Hakukuwa na la kubishana. Eksirei ya pili ilionyesha ufa, nikawekwa plasta.

Ile karatasi ya hospitali muing'ang'anie. Iko kwa Kiarabu na mara nyingi mwajiri huiweka mkobani mwake, basi omba kwa upole uipige picha pale pale mapokezi, kabla ya kupanda gari. Kanuni za wafanyakazi wa nyumbani Saudia zinatambua likizo ya ugonjwa ya hadi siku 30 kwa mwaka, lakini kwa ripoti ya daktari. Bila karatasi, mapumziko yako ni hisani ya madam, na hisani huisha wageni wakija.

Ujumbe wote huu niliutuma pia kwa kaka yangu Nakuru. Ofisi iliponyamaza kuhusu ombi la pili, alichapisha jumbe zote mbili akaenda nazo hadi kwa ejenti mjini Nairobi, akakaa kwenye benchi hadi walipopiga simu Riyadh mbele yake. Mchague mtu wa namna hiyo mapema, mpe jina la ejenti, mahali ofisi ilipo na nakala ya mkataba.

Plasta ikitolewa, andika ujumbe wa mwisho. Weka tarehe, alichosema daktari, na kazi alizokuzuia bado: kwangu ilikuwa kubeba mitungi ya maji na kusugua zulia. Taja na siku ya kurudi kumwona. Ofisi wasipouona huo, watahesabu kwamba umepona siku plasta ilipotoka, na mitungi itakuwa inakungoja mlangoni.