Redio ikikwaruza sola ikichaji: pitisha nyaya zote mbili kwenye pete moja

Kuna kelele moja wanayoijua vizuri wasikilizaji wa masafa mafupi wenye sola juu ya bati, kuanzia Mikanjuni hadi Raskazone, Tanga. Asubuhi redio ni safi, jua likipanda inaanza kuunguruma, na magharibi inatulia yenyewe bila mtu kugusa kitu. Ukizungusha kitufe, unakuta muungurumo umejipanga kwa sehemu zilizoachana sawasawa. Hiyo ni kontrola ya kuchajia, hasa ya aina ya MPPT, ambayo ndani yake transista zinawaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Kama una shaka, panda ukaifunike paneli kwa kitenge kizito. Kelele ikikata papo hapo, mtuhumiwa umempata.

Wengi hapo hukimbilia kununua antena nyingine. Antena mpya itaipokea kelele ileile, labda vizuri zaidi. Tiba ni choki, yaani pete ya kuzuia kelele, kwenye waya unaotoka paneli kuingia kontrola, lakini ifungwe kwa kuelewa inafanya nini.

Waya wa paneli ni jozi, chanya na hasi. Umeme wa kuchaji unaingia kwa chanya na kurudi kwa hasi, kwa hiyo wakati wowote ampea 8 zikielekea huku, ampea 8 zinaelekea kule. Huu tuuite mkondo wa kwenda na kurudi. Kelele inayosumbua redio ina tabia nyingine: inasafiri kwenye nyaya zote mbili kwa upande mmoja, kana kwamba ni waya mmoja mnene, kisha inarudi ilikotoka kupitia bati la paa, ardhi na hewa. Huo ni mkondo wa pamoja. Jozi nzima inageuka antena ya kurusha, na bati lililo chini ya fremu ya paneli linaurahisishia njia ya kurudi.

Sasa ipitishe jozi hiyo yote kwenye pete ya feraiti, aina ya kauri yenye oksidi ya chuma. Sumaku inayotengenezwa na ampea 8 za kwenda inafutwa na ile ya ampea 8 za kurudi. Pete haioni kitu, na umeme wako unapita kama vile haipo. Mkondo wa pamoja hauna wa kuufuta, hivyo sumaku zake zinajumlishana ndani ya feraiti na unakutana na upinzani mkubwa. Sehemu ya nguvu yake inaishia kuwa joto dogo ndani ya pete.

Ndiyo maana kosa baya kuliko yote ni kuzungusha waya mmoja tu, chanya peke yake, kwa kudhani ndiyo yenye umeme. Ampea 8 kwa mizunguko 8 ni ampea-mizunguko 64 zisizo na wa kuzipinga. Pete ya sentimita 6 inashiba sumaku hapo, na feraiti iliyoshiba haizuii karibu chochote. Fundi anaiona pete iko mahali pake na kelele iko palepale, anahitimisha kwamba mambo ya pete ni uongo.

Tuchukue mfumo wa kawaida: paneli moja ya wati 150, betri ya volti 12, na mita 12 na nusu za waya kutoka paa hadi kontrola. Chagua pete ya FT240-31, ambayo kipenyo chake cha nje ni milimita 61 na tundu lake karibu 35. Namba 31 ni mchanganyiko wa feraiti unaofaa masafa ya kati na mafupi. Zungushia pete utepe wa umeme kwanza, maana kingo za feraiti hukwangua ganda la waya. Kisha pitisha jozi mara 8 tundu likiruhusu. Kila mpito tunduni ni mzunguko mmoja, hata waya ulionyooka tu ni mmoja. Kwa waya wa sola wa milimita 4 za mraba tenga kama sentimita 70 kwa ajili ya mizunguko, na mikia ya kuunganishia juu yake. Usijaze pete nzima: acha pengo la upana wa kidole kati ya pa kuingilia na pa kutokea, na ncha hizo mbili zisilaliane, la sivyo kelele itaruka kutoka ncha moja hadi nyingine bila kupita kwenye pete.

Mizunguko ndiyo yenye kazi. Upinzani hukua kwa mraba wake, hivyo mizunguko 8 si mara 8 ya mmoja, inakaribia mara 64. Vile vibano vya feraiti vya kubana juu ya waya ni mzunguko mmoja, na kwenye megahezi 6 vinatoa makumi machache tu ya omu. Tuseme njia ya kelele ina omu 100. Kibano cha omu 30 kinaifikisha 130, na sikio halitagundua. Pete ya mizunguko 8 ikitoa omu 1,200, njia inakuwa 1,300 na mkondo wa kelele unashuka mara 13. Vibano viachiwe masafa ya FM, huko vinasaidia.

Pete ikae karibu kabisa na kontrola, ndani ya sentimita 20 hivi, kabla kelele haijapata waya wa kupandia. Hapa urefu wa waya unaleta mambo. Mita 12 na nusu ni robo ya wimbi kwenye megahezi 6, na mkondo wa kelele huwa mkubwa upande wa kontrola, kwa hiyo pete hapo inaukaba barabara. Kwenye megahezi 12 waya uleule ni nusu ya wimbi. Mkondo upande wa kontrola unaweza kuwa mdogo tayari, na mkubwa uko katikati ya waya. Ukikuta 6 kumetulia na 12 bado kunaunguruma, usiirundikie pete ya kwanza mizunguko. Funga ya pili mita 6 juu, chini ya upenu.

Kuhusu pete za bure: ile ya njano yenye ubavu mweupe kutoka pawasaplai ya kompyuta ni unga wa chuma, si feraiti. Ina sura nzuri ila haifai kazi hii. Zungusha waya mwembamba mara 10 upime kwa mita ya LC: ya njano itatoa kama maikrohenri 10, feraiti ya ukubwa tuliotaja itapita 100.

Baada ya kufunga, chukua redio ndogo ya betri, iweke kwenye masafa yaliyo katikati ya vituo viwili vya redio na uisogeze kwenye kila waya unaotoka kontrola. Waya wa paneli ukitulia na wa taa ukiendelea kuunguruma, kelele imehamia huko, nao unataka pete yake. Nyaya zote zikiwa na pete na wa taa bado unavuma, huenda kelele iliyobaki inakwenda na kurudi ndani ya jozi kama umeme wenyewe. Pete haiwezi kuitenga na huo. Hiyo huzimwa kwa kapasita ya maikrofaradi 1 ya plastiki, ya volti 100, kati ya chanya na hasi kwenye matundu ya kontrola, miguu ikikatwa mifupi kadiri inavyowezekana.