Kulwa au Kurwa, Mbula au Mabula: tunasafishaje majina kwenye nukuu za mahojiano?

*Mwalimu shikamoo. Tumerekodi wazee wavuvi na wachuuzi wa dagaa kuanzia Mwaloni Kirumba mpaka Ukerewe, wanukuzi wakawa watatu, sasa majina yametoka kila mtu na lake: Kulwa na Kurwa, Doto na Dotto, Misungwi na Missungwi, Ng'wandu na Ngwandu. Kijana wa kompyuta katuwekea programu ya kuunganisha majina yanayokaribiana, imeunganisha kweli lakini mama Mbula kageuzwa Mabula. Tahajia ipi ndo sahihi, na tunasafishaje bila kuharibu?* (Msomaji, Nyegezi)

Marahaba. Tuanze na huyo mama Mbula maana yeye ndo anaonyesha tatizo lilipo. Programu nyingi za namna hiyo zinahesabu ni herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au zifutwe ili neno moja liwe lingine, hesabu iliyopewa jina la Levenshtein, mwanahisabati wa Kirusi aliyeichapisha 1965. Kutoka Kulwa kwenda Kurwa ni badiliko moja. Kutoka Mbula kwenda Mabula nako ni badiliko moja. Kwa hiyo mbele ya kompyuta hizo jozi mbili ziko sawasawa kabisa, wakati mtu yeyote aliyekulia huku Usukumani anajua Kulwa na Kurwa ni jina lilelile limepita kwenye masikio mawili, ila Mabula ni mwanaume na Mbula ni mwanamke, wote wa kipindi cha mvua lakini watu wawili. Programu haina kosa la hesabu, imekosa tu kuambiwa kwamba kwenye lugha zetu l na r zinapishana kwa urahisi lakini irabu ikiongezeka jina limebadilika.

Na msikimbilie ile njia ya Soundex ambayo iko tayari kwenye programu nyingi, maana hiyo kwetu ni balaa zaidi. Ilisajiliwa Marekani 1918 kwa ajili ya majina yanayotamkwa Kiingereza, inabakiza herufi ya kwanza, inatupa irabu zote, halafu konsonanti inazigeuza namba, na l ina namba yake na r ina yake. Pitisha majina yenu uone: Mbula inatoka M140, Mabula inatoka M140, kitu kimoja. Kulwa inatoka K400, Kurwa inatoka K600, vitu viwili. Yaani inaunganisha palepale pa kutenganisha na inatenganisha palepale pa kuunganisha.

Sasa kuhusu tahajia ipi ni sahihi. Kwa majina ya watu kamusi ya Kiswahili haiamui, anayeamua kwanza ni mwenye jina, kama mzee aliandika jina lake mwenyewe kwenye fomu ya ridhaa basi hiyo ndo tahajia yake na hakuna mhariri wa kumnyoosha, akiandika Dotto kwa t mbili abaki na Dotto. Kama hakuandika popote, angalia jina limetoka lugha gani. Kisukuma kinatumia l, hakina r ya kwake, kwa hiyo fomu sanifu, yaani tahajia moja mtakayorudishia nyingine zote, iwe Kulwa. Lakini Marwa ni jina la Kikurya na r yake ni ya kuzaliwa nayo, mnukuzi Msukuma akisikia akaandika Malwa, fomu sanifu inabaki Marwa. Ndo maana huwezi kutoa amri moja ya "badilisha r zote ziwe l" kwenye faili zima ukategemea usalama, pwani ya Ziwa watu wamechanganyikana mno, kwenye mtumbwi mmoja utamkuta Msukuma, Mkerewe, Mjita na Mkurya.

Kwa majina ya mahali ni rahisi zaidi kwa sababu kuna maandishi ya serikali. Chukua orodha ya mikoa, wilaya na kata kama ilivyochapishwa kwenye matokeo ya Sensa ya 2022, Misungwi humo ina s moja, hiyo ndo iwe fomu sanifu na Missungwi ibaki kama lahaja tu, yaani namna nyingine ya kuliandika jina hilohilo. Vijiji na mialo ambayo haimo mtaiongeza wenyewe kwa kuwauliza wenyeji. Yale majina ya zamani kama Muansa ya kwenye ramani za Wajerumani, au Bukerebe kwa Ukerewe, msitegemee programu iyabahatishe, yaandikeni kwa mkono kwenye orodha kama lahaja za jina husika.

Hiyo orodha ninayoisema ni jedwali lenye kitambulisho, fomu sanifu, aina (mtu au mahali), wilaya, na lahaja zote mlizokwisha kukutana nazo. Na hapa wengi wanateleza: wanaweka majina ya Mwanza peke yake kwa kuwa mahojiano ni ya Mwanza. Mzee anasimulia alivyopeleka samaki Kigoma, orodha haina Kigoma, programu inatafuta linalokaribia inakuta Igoma, herufi moja tu, inabadilisha, na safari ya mzee inaishia hapohapo jijini. Vilevile Buganda inakuwa Bugando, ufalme wa Uganda unahamia kwenye kilima cha hospitali. Kwa hiyo wekeni pia majina ya mbali ambayo wazee wa Ziwa huyataja, ili neno likipata lake kamili lisitafutiwe la jirani.

Baada ya hapo ndo mnatengeneza kitu nachokiita ufunguo, yaani umbo la jina lililolainishwa kwa kanuni za lugha zetu, la kulinganishia tu, halionekani popote kwenye nukuu. Mwambieni huyo kijana aanze na hii:

```python
import re

def ufunguo(jina):
    j = jina.lower().strip()
    j = re.sub(r"[’‘ʼ`']", "", j)
    j = j.replace("r", "l")
    j = re.sub(r"([mn])h", r"\1", j)
    j = re.sub(r"([bcdfgjklmnpstvwyz])\1", r"\1", j)
    return j
```

Mstari wa kwanza wa `re.sub` unaondoa king'ong'o cha ng', na huo mstari unaokoa kazi kubwa kuliko unavyofikiri, maana simu moja inaandika alama iliyonyooka, nyingine iliyopinda, mnukuzi wa tatu haweki kabisa, kwa macho ni Ng'wandu yuleyule lakini kwa kompyuta ni majina matatu. Unaofuata unalainisha r, halafu h ya Kisukuma baada ya m au n, kwa hiyo Nyamhongolo, Nyamongolo na Nyamongoro zote zinatoka `nyamongolo`. Wa mwisho unapunguza konsonanti mbili kuwa moja. Irabu haziguswi, na ndo maana `mbula` na `mabula` zinabaki mbalimbali.

Kabla hamjagusa nukuu hata moja, pitisheni orodha yenyewe kwenye ufunguo huo muone majina gani mawili halali yanatoa umbo moja. Bugalama ya Geita na Bugarama ya Ngara zitagongana papo hapo. Jozi kama hizo zipigeni alama kwamba kompyuta hairuhusiwi kuamua. Kwenye orodha hiyohiyo ya hatari ongezeni Mbula na Mabula, Igoma na Kigoma, Bugando na Buganda, hata kama ufunguo unazitenganisha, maana mnukuzi naye anaweza kuteleza kwa upande huo.

Jina ambalo ufunguo wake umelingana kamili na mmoja tu kwenye orodha, na halimo kwenye jozi za hatari, kompyuta ilipe fomu sanifu. Lisilolingana ndo lipimwe umbali, yaani ile hesabu ya Levenshtein, na wapime funguo, sio maandishi ghafi:

```python
from rapidfuzz.distance import Levenshtein
Levenshtein.distance(ufunguo("Misugwi"), ufunguo("Missungwi"))
```

Jibu ni 1, mnukuzi aliacha n. Kwa jina la herufi 4 kushuka mimi nisingeruhusu tofauti yoyote, herufi 5 mpaka 7 tofauti moja, 8 kwenda juu tofauti mbili, na hata hapo programu ipendekeze tu, binadamu ndo akubali. Majina yetu ni mafupi na yana silabi zinazojirudia, ukiachia tofauti mbili kwenye jina la herufi tano unaokota nusu ya kijiji.

Chukua mstari mmoja tuone. Nukuu inasema "tulipanda daladala kigoma tukashukia mjini kwenda mwaloni". Kigoma imo kwenye orodha, inalingana kamili, programu ya kawaida ingepita bila kusema kitu. Kwa kuwa imo kwenye jozi za hatari inasimamishwa, anayekagua anasoma sentensi nzima, daladala ya kutoka Kigoma mpaka Mwaloni haipo, anarudi kwenye rekodi dakika ile, anasikia "tulipanda daladala Igoma". Anaandika safu nne: lilivyonukuliwa `kigoma`, sanifu `Igoma`, wilaya Nyamagana, uamuzi "nimesikiliza". Ile `kigoma` ya mnukuzi haifutwi, inabaki kwenye safu yake, kesho mtu akibisha anaona mlitoka wapi. Kwa Usagara fanyeni vivyo hivyo siku zote, maana ya njia panda huku Misungwi na ile nchi ya Usagara ya historia kule upande wa Morogoro zinaandikwa herufi kwa herufi sawa, hapo hesabu ya umbali inatoa sifuri na bado haijakuambia kitu, ni maneno ya jirani kwenye sentensi ndo yanasema.

Wekeni pia safu ya nani alinukuu. Mkikuta Malwa zote zimetoka kwa mnukuzi mmoja na wenzake wawili wameandika Marwa, hilo ni sikio lake, mnaweza kurekebisha kwa pamoja baada ya kusikiliza rekodi chache. Zikiwa zimetawanyika kwa wote watatu, huenda mzee mwenyewe ndo anatamka hivyo, na kama mtu anafanya utafiti wa matamshi hiyo ni data yake, ndo sababu nyingine ya kutofuta umbo la kwanza.

Jambo la mwisho na naomba mlishike sana: kusanifisha jina sio kumtambua mtu. Kulwa na Doto wanazaliwa kila mji wenye mapacha, kwa hiyo Kurwa wa kaseti ya Kayenze na Kulwa wa kaseti ya Nansio, wakishapata wote fomu ya Kulwa, wapeni bado vitambulisho viwili tofauti, kila kimoja na kijiji chake na jina la baba, na msiviunganishe mpaka kuwe na kitu kingine zaidi ya jina kinachosema ni mtu mmoja.