Kupima uvujaji kabla ya kuwasha kompyuta

"Nafunga mfumo wa kupoza kompyuta kwa maji. Nimeunganisha pampu, rejeta na bloku ya prosesa kwa mpira wa 10/16, yaani milimita 10 ndani na 16 nje. Nijaze maji niwashe kompyuta nione kama inavuja?"

Usiwashe bado, ndugu. Anza na hewa. Funga pampu ndogo ya mkono yenye geji kwenye tundu la tangi, jaza hadi bar 0.5, usizidishe, kisha subiri dakika 30. Sindano ikishuka, kagua viungio: navyo viwe vya 10/16, maana vya 10/13 havitaubana mpira huo. Sukuma mpira hadi mwisho kabla ya kukaza pete. Kaza kwa vidole tu. Koleo hukata oringi, na hapo ndipo panapovuja.

Hewa ikikaa, toa shinikizo, jaza maji. Chomoa nyaya zote za umeme isipokuwa ya pampu, weka plagi ya kuamshia pawasaplai kwenye kiunganishi cha pini 24 ili pampu izunguke bila kompyuta kuwaka, tandaza tishu chini ya kila kiungio, uiache izunguke saa kadhaa. Pampu isizunguke kavu hata kidogo.

Maji yawe yaliyokenekwa, yenye dawa ya kuzuia kutu na mwani. Rejeta ikiwa ya alumini na bloku ya shaba, badilisha rejeta. Metali hizo mbili zikiwa kwenye maji yale yale alumini huliwa na kutu, na dawa huichelewesha tu.