Beking soda hupimwa kwa uchachu wa rojo, beking poda hupimwa kwa unga

*"Resipe yangu ya keki inataka vijiko viwili vya beking poda. Ilikuwa imeisha, nikatia vijiko viwili vya beking soda badala yake. Keki imetoka ya rangi ya kahawia hadi ndani na ina ladha ya sabuni. Mama mkwe anasema ningetumia maziwa mala badala ya maziwa freshi ingekuwa sawa. Ni kweli? Nitajuaje ni lini nitumie ipi? Niko Kakamega."*

Dada, mama mkwe wako ameugusa ukweli, ila hata maziwa mala yasingeiokoa keki hiyo kwa kipimo ulichotia. Mimi huoka keki za kuuza nyumbani hapa Kisumu, na mwaka wangu wa kwanza niliharibu keki ya ubatizo kwa kosa hilihili; mwenye shughuli alinirudishia vipande vitatu vilivyobaki ili nionje mwenyewe. Ladha hiyo ya sabuni ninaijua, na ndiyo iliyonifanya nitafute kuelewa kinachotokea ndani ya rojo badala ya kukariri vipimo.

Beking soda ni kitu kimoja tu, yaani sodiamu baikaboneti, NaHCO3. Ikikutana na kitu kichachu penye umajimaji, hutoa gesi ya kabonidioksaidi, na viputo vya gesi hiyo ndivyo vinavyoiumua keki. Uchachu na soda humalizana, na kinachosalia ni maji na chumvi kidogo ambayo ulimi hauisikii. Pasipo na uchachu, soda husubiri moto. Joto la oveni huivunja, nayo hutoa gesi kiasi, lakini huacha nyuma sodiamu kaboneti, ambayo ni alkali kali zaidi:

```
2NaHCO3 → Na2CO3 + H2O + CO2
```

Hiyo Na2CO3 ndiyo sabuni uliyoionja. Alkali pia huharakisha sukari na protini kugeuka rangi ya kahawia, na ndiyo sababu keki yako ilikuwa ya kahawia hadi katikati ingawa haikuungua. Ukikata keki ukaona rangi hiyo imesambaa sawasawa ndani yote, fahamu kwamba soda imezidi uchachu uliokuwamo. Ukiona madoadoa ya kahawia hapa na pale katika keki iliyo nzuri kwingine kote, kipimo pengine kilikuwa sawa lakini soda ilikuwa na vibonge. Dawa yake ni kuichekecha pamoja na unga kabla ya kutia kitu chochote cha majimaji.

Beking poda ni soda hiyohiyo iliyochanganywa tayari na asidi kavu, pamoja na wanga wa mahindi unaozuia viwili hivyo visilowane na kuanza kazi ndani ya mkebe. Kwa kuwa imebeba uchachu wake yenyewe, haihitaji chochote kichachu kutoka kwenye resipe. Inataka maji na joto tu. Poda nyingi za madukani huwa na asidi za aina mbili, moja ikianza kazi mara tu rojo linapolowana na nyingine ikisubiri joto la oveni. Kwa sababu ya wanga na asidi hizo, sehemu ya soda iliyomo ni ndogo: kijiko kimoja cha chai cha beking poda kina nguvu ya takriban robo kijiko cha soda.

Sasa tazama hesabu ya keki yako. Vijiko viwili vya beking poda vina nguvu ya nusu kijiko cha soda. Wewe ulitia vijiko viwili kamili vya soda, yaani mara nne ya kilichohitajika, tena katika rojo la maziwa freshi, ambalo halina uchachu wa kutosha kumaliza hata robo ya kwanza. Sehemu kubwa ya soda ilikwenda moja kwa moja kwenye njia ya sabuni. Na kama ungetumia maziwa mala? Kikombe kimoja cha mala, cha mililita 240 hivi, humaliza takriban nusu kijiko cha soda. Ungebaki na kijiko kimoja na nusu kisicho na mwenzake, na keki ingekuwa mbaya karibu vilevile.

Kutoka kwenye hesabu hiyo ndipo nilipopata kanuni ninayoitumia kila siku: beking poda ninaipima kwa unga, soda ninaipima kwa uchachu. Kila kikombe cha unga wa ngano, gramu 125 hivi, huhitaji karibu kijiko kimoja cha beking poda. Soda haiulizi unga ni kiasi gani. Inauliza kuna mala kiasi gani, maji ya ndimu kiasi gani, na ikiwa hakuna kitu kama hicho, haina kazi ya kufanya humo.

Acha niitumie kanuni hiyo katika keki yako yenyewe. Chukua unga vikombe 2, sukari gramu 150, siagi gramu 125, mayai 2 na maziwa kikombe 1. Kwa maziwa freshi, tia beking poda vijiko 2 na usitie soda kabisa. Kwa maziwa mala kikombe kizima, tia soda nusu kijiko na usitie poda, kwa sababu soda hiyo nusu, ikishamalizwa na uchachu wa mala, hutoa gesi sawa na ile ya vijiko viwili vya poda. Hali inayowatatiza wengi ni ile ya katikati, pale mala yaliyobaki kwenye pakiti ni nusu kikombe na unakamilisha kwa maziwa freshi. Hapo uchachu uliopo unatosha robo kijiko cha soda tu. Robo hiyo ni sawa na kijiko kimoja cha poda, na unga wako ulihitaji viwili, kwa hiyo unaongeza kijiko kimoja cha beking poda kujazia pengo. Ndiyo maana utaziona resipe nyingine zinataka vyote viwili. Soda iko pale kumaliza uchachu, na poda iko pale kukamilisha kuumua.

Kuna jambo lingine linalobadilisha uamuzi wangu, nalo ni muda. Soda na mala huanza kutoa gesi papo hapo vinapokutana, na gesi hiyo haisubiri mtu. Nilipokuwa nikiokea kwenye sufuria juu ya jiko la makaa, nikiweka makaa mengine juu ya kifuniko, sufuria ilitosha tini moja kwa wakati mmoja. Tini ya kwanza ilitoka laini, ya pili, ambayo ilisubiri karibu dakika arobaini, ilitoka fupi na nzito kama ugali uliolala. Mwanzoni niliulaumu moto. Kumbe rojo la pili lilikuwa limeshapoteza viputo vyake likiwa juu ya meza. Ukiwa na jiko la aina hiyo, ama changanya rojo la pili baada ya la kwanza kutoka, ama tumia maziwa freshi na beking poda, ambayo huhifadhi sehemu ya nguvu yake hadi ikutane na joto. Hata hiyo poda sipendi isubiri zaidi ya robo saa.

Kuhusu mala, onja kabla ya kupima. Mala yaliyogandishwa nyumbani yakakaa siku tatu huwa makali kuliko ya pakiti yaliyofunguliwa leo. Mimi sibadilishi soda kwa sababu hiyo, kwani uchachu ukizidi kidogo keki hubaki na ladha ya kupendeza na rangi nyeupe zaidi, ilhali soda ikizidi kidogo kila mtu mezani ataisikia. Nikilazimika kukosea, ninakosea upande wa uchachu. Ukikosa mala kabisa, tia kijiko kimoja kikubwa cha maji ya ndimu katika kikombe, ujaze maziwa freshi, uache dakika tano hadi yakatike. Yatafanya kazi ileile. Ndizi mbivu nazo ni chachu, lakini kwa uhafifu sana, kwa hiyo katika keki ya ndizi isiyo na mala ninatia robo kijiko tu cha soda, na kazi iliyobaki ninaiachia poda.

Nakusihi pia usitumie magadi badala ya beking soda. Nimesikia akina mama wakishauriana hivyo sokoni kwa sababu magadi huwa tayari jikoni kwa ajili ya kulainisha mboga za kienyeji, na ni kweli kwamba vitu hivi viwili ni ndugu. Lakini magadi ya ziwani yana sodiamu kaboneti ndani yake tangu mwanzo, ile ile inayoleta ladha ya sabuni, na nguvu yake hubadilika kutoka bonge hadi bonge. Kwa mrenda au kunde, mkono uliozoea unajua kiasi. Kwa keki hakuna namna ya kukadiria.

Kabla hujaoka tena, pima ulicho nacho. Beking poda inyunyizie nusu kijiko ndani ya maji ya moto. Ikichemka kwa povu jingi ni nzima, ikizama na kutoa viputo vichache imekufa. Hapa Kisumu, kwa unyevu wa kando ya ziwa, mkebe usiofungwa vizuri haunimalizii miezi mitatu. Soda ijaribu kwa matone ya ndimu. Hii hudumu zaidi, kwa kuwa haina asidi ndani yake ya kulowana nayo.

Mwisho, kwa kuwa uko Kakamega, vipimo vyangu vya Kisumu huenda vikahitaji kupunguzwa kidogo. Dada yangu anaishi Nakuru, kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, wakati sisi tuko kwenye 1,130. Kwa resipe hii hii keki yake ilikuwa ikiumuka haraka kisha inabonyea katikati, kwa sababu kule juu hewa hukandamiza rojo kwa nguvu ndogo na viputo hutanuka kupita kiasi kabla unga na mayai havijashika. Alipopunguza beking poda kutoka vijiko 2 hadi kimoja na nusu, keki ikasimama. Wewe uko katikati yetu, karibu mita 1,500. Anza na vijiko 2 kamili, na keki ikibonyea katikati ilhali imeiva, punguza robo kijiko unapooka tena.