Maji na sodiamu ya damu: barua kwa mwanangu Akinyi

"Baba, kocha wetu hutuambia tunywe lita moja kila saa, tusingoje kiu. Jumapili mwenzetu alimaliza kilomita 42 hapa Kisumu vidole vimevimba, akatapika, kisha akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Hospitalini wakasema sodiamu imeshuka hadi 126 na kwamba ni maji aliyokunywa. Mtu aliyekuwa anatokwa na jasho namna ile, maji yanamdhuru vipi?"

Mwanangu Akinyi,

Nimefurahi kusikia kwamba mwenzenu ameruhusiwa kwenda nyumbani. Nimekaa na swali lako jioni nzima, kwa sababu hiyo 126 ni namba ninayoijua vizuri, na wengi wanaoiona kwenye karatasi ya maabara huielewa vibaya.

Damu ikiletwa kwetu maabarani hapa Nakuru, tunaizungusha mashineni hadi chembe nyekundu zitulie chini na majimaji ya manjano yabaki juu. Hayo ya manjano ndiyo tunayopima sodiamu, ile iliyo ndani ya chumvi. Kwa mtu mzima aliye salama, mashine husoma kati ya 135 na 145, yaani milimoli katika kila lita. Lishike neno hilo, katika kila lita. Mashine haisemi mtu ana chumvi kiasi gani mwilini. Inasema chumvi aliyo nayo imesambaa katika maji kiasi gani. Namba inaweza kushuka bila mtu kupoteza chumvi yoyote, ikiwa maji tu yameongezeka.

Tumpigie hesabu mwenzenu. Ni hesabu ya kukadiria, lakini haiko mbali na ukweli. Tuseme ana kilo 60. Kwa mwanamke, karibu nusu ya uzito ni maji, kwa hiyo ana lita 30. Alianza mbio sodiamu ikiwa 140, na 140 mara 30 ni milimoli 4,200. Ulisema alikimbia saa tano na nusu na akafuata maagizo barabara, basi alikunywa lita tano na nusu. Asubuhi ilikuwa na mawingu na mwendo wake ni wa taratibu, kwa hiyo tuseme alitoa nusu lita ya jasho kila saa, jumla lita mbili na robo tatu. Mkojo tuupe robo lita. Alichotoa ni lita tatu, alichoingiza ni tano na nusu. Maji ya mwili yamepanda kutoka lita 30 hadi 32 na nusu.

Sasa jasho. Watu huamini kwamba jasho ndilo linaloimaliza chumvi ya damu, lakini jasho lina chumvi kidogo kuliko damu. Kwa wengi ni kati ya milimoli 20 na 80 kwa lita. Nikichukua 40, mwenzenu alipoteza 110 kwa jasho lote lile, akabaki na 4,090. Gawanya kwa 32 na nusu, unapata 126 kasorobo hivi.

Lakini nataka uitazame hesabu ya pili, kwa maana ndiyo inayojibu swali lako. Mchukue mtu yuleyule, mbio zilezile, jasho lilelile, chumvi ileile iliyopotea. Ila huyu amekunywa kwa kiu na amemaliza na lita mbili tu. Ametoa tatu, ameingiza mbili, amebaki na lita 29. Gawanya 4,090 kwa 29: sodiamu ni 141. Amepungua kilo moja, ana kiu, na damu yake iko sawa kabisa. Kilichowatofautisha ni maji tu.

Najua utauliza kuhusu vile vinywaji vya wanamichezo vya chupa, kwamba vina chumvi ndani. Vingi vina milimoli 20 hivi kwa lita, na damu ina 140. Mwenzenu angekunywa lita tano na nusu za kinywaji hicho, angerudishiwa ile 110 aliyoipoteza, na bado 4,200 kwa lita 32 na nusu ni 129. Angepona pointi tatu. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 baada ya kumaliza. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya 135 au chini yake, na watatu walikuwa wamefika 120 au chini. Kilichowatambulisha zaidi ni kuongezeka uzito wakati wa mbio. Aina ya kinywaji haikuonyesha tofauti. Waliotumia zaidi ya saa nne nao walikuwa hatarini zaidi, kwa kuwa anayekwenda polepole ana nafasi ya kupita meza nyingi za maji na hatoi jasho jingi. Mwanamke mmoja alifariki kutokana na mbio hizo. Kushuka huku kwa sodiamu kwa wakimbiaji kulijulikana kwanza huko Durban, Afrika Kusini, katika mbio ndefu za Comrades mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wakimbiaji walipokuwa wanasisitiziwa kunywa kila mara.

Huenda unajiuliza kwa nini figo hazikumwaga yale ya ziada. Ukiwa umekaa nyumbani, figo zako zinaweza kutoa karibu lita moja ya mkojo kwa saa zikilazimika. Lakini mwili unaokimbia hauko nyumbani umekaa. Mazoezi marefu, maumivu, joto na hasa kichefuchefu huifanya tezi iliyo chini ya ubongo kumwaga homoni inayoziamuru figo kushika maji. Mkojo hushuka, wakati mwingine hata chini ya mililita 100 kwa saa. Hapo ndipo ule ushauri wa kutazama rangi ya mkojo unapomponza mtu. Homoni ikiwa juu, mkojo huwa kidogo na wa rangi iliyokolea hata kama mwili umejaa maji pomoni. Mtu anauona, anadhani amekauka, anaongeza chupa nyingine. Kichefuchefu nacho kikianza, homoni inazidi. Na maji aliyoyanywa kilomita za mwisho bado yako tumboni. Yataingia kwenye damu akiwa tayari amevishwa medali, ndiyo maana wengi huzidiwa nusu saa au saa nzima baada ya mbio.

Madhara yenyewe hutokea kwenye chembe za mwili. Maji hufuata chumvi. Damu ikiwa nyepesi kuliko ndani ya chembe, maji huhama kuingia chembeni, nazo huvimba kama maharagwe yaliyolowekwa. Vidole vikivimba, pete inabana tu. Ubongo ukivimba hauna pa kwenda, fuvu ni mfupa. Kwanza kichwa kinauma na mtu anatapika, kisha anachanganyikiwa kama mwenzenu, na shinikizo likizidi huja degedege, kupoteza fahamu na hata kushindwa kupumua. Kasi ya kushuka ndiyo mbaya. Yuko mzee anayetumia dawa ya presha ya kukojoza ambaye sodiamu yake imeshuka polepole kwa wiki kadhaa hadi 126, naye anatembea sokoni. Mwenzenu alifika hapo kwa asubuhi moja, ubongo haukupata muda wa kuzoea.

Sehemu inayonitia hofu zaidi ni kile kinachofanyika pale mwisho wa mbio. Mkimbiaji akianguka, kila mtu hukimbilia maji, kisha dripu. Aliyekauka na aliyejaa maji wanaweza kufanana: wote wana kizunguzungu, wote wamechoka, wote wanaweza kutapika. Mizani huwatofautisha vizuri. Aliyemaliza mbio ndefu anapaswa kuwa amepungua kidogo. Akiwa na uzito uleule wa asubuhi au zaidi, na kichwa kinamuuma, amevimba mikono, mdhanie sodiamu imeshuka mpaka kipimo kikanushe. Usimpe maji. Hata dripu ya kawaida ya chumvi, ile ya asilimia 0.9, inaweza kumzidishia, kwa sababu homoni ikiwa bado inafanya kazi figo zitatoa ile chumvi kwenye mkojo mzito na kubakiza maji. Wataalamu waliokutana Carlsbad, California, mwaka 2015 walikubaliana kwamba aliyechanganyikiwa au mwenye degedege apewe mara moja maji ya chumvi ya asilimia 3, mililita 100 kwa mshipa, na yarudiwe hadi mara mbili zaidi, kila baada ya dakika kumi, ikiwa hajapata nafuu. Kila mililita 100 huinua sodiamu pointi mbili hivi, na hiyo hutosha kupunguza uvimbe wa ubongo. Kazi hiyo ni ya daktari. Yenu ni kumfikisha, na kumwambia yule anayempokea: alikunywa kiasi hiki, kwa muda huu, alianza na uzito huu. Maneno hayo matatu yanaokoa muda mwingi.

Na damu itolewe mkono usio na dripu. Nimeshaona sampuli iliyochotwa juu ya dripu ya glukosi, sodiamu ikasoma chini sana na sukari juu kupita kiasi, na mgonjwa alikuwa mzima. Tuliirudia kwa mkono wa pili.

Akinyi, sikuambii uache maji. Kisumu jua likipanda hukimbii bila kunywa, na anayekimbia kwa kasi kwenye joto hutoa lita moja ya jasho kwa saa au zaidi, kiu yake itamwambia. Kunywa unapoona kiu, acha inapoisha, hata kama meza ya maji iko mbele yako na kocha amesimama hapo. Usimeze brufeni kabla ya mbio kwa ajili ya magoti, maana nayo inaweza kuzifanya figo zishike maji zaidi. Jumamosi, mnapofanya ile mbio ndefu ya mazoezi, tafuteni mizani, kila mmoja apimwe kabla na baada akiwa na nguo zilezile, na mwandike alichokunywa. Atakayeongezeka hata nusu kilo amekunywa kupita kiasi, na wiki inayofuata apunguze. Mpelekee kocha namba hizo. Ni mtu mwema, ameshikilia alichofundishwa, na namba za wakimbiaji wake mwenyewe ataziamini kuliko barua yangu.

Mwambie mwenzenu arudie kipimo cha sodiamu siku daktari atakayompangia, kisha unitumie majibu yote mawili, la Jumapili na hilo jipya, pamoja na dawa anazotumia kama zipo.

Mama anakusalimu.

Baba yako,
Nakuru