Mpango Unadai Ubora, Malipo Yanadai Lita

Vyama vingi vya ushirika wa maziwa hapa Nakuru vina mpango mkakati wa miaka kadhaa, uliochapishwa vizuri na kupitishwa na mkutano mkuu wa mwaka. Nimevifanyia baadhi ya vyama hivyo kazi ya hesabu na ushauri, kuanzia upande wa Bahati hadi miteremko ya Njoro na Molo, na swali ambalo wenyeviti huniuliza mara nyingi ni kwa nini mpango uliokubaliwa na wanachama wote hautekelezeki. Kwa kawaida anayeuliza huwa amekwisha kujijibu: wakulima hawajaelimishwa vya kutosha, au wafanyakazi hawajitumi. Ushauri wangu ni kwamba, kabla ya kuandaa semina nyingine, chama kichunguze kwanza ni mkakati gani hasa kinachoutekeleza sasa. Mkakati huo upo, hata kama haumo katika kitabu cha mpango, na mara nyingi unatekelezwa kwa bidii kubwa.

Henry Mintzberg na James Waters walilieleza jambo hili vizuri mwaka 1985. Walisema kwamba mkakati wa shirika hujulikana kwa kutazama mfululizo wa maamuzi linayoyafanya kwa muda mrefu. Sehemu ya mfululizo huo hutokana na nia iliyotangazwa mapema, na huo ndio mkakati uliokusudiwa ukatimia. Sehemu nyingine huibuka yenyewe, uamuzi mmoja baada ya mwingine, bila mtu yeyote kuipanga. Ipo pia ile nia ambayo haitimii kamwe, ikabaki kwenye karatasi. Sisi Wakenya tuna mfano mkubwa wa mkakati ulioibuka: majaribio ya M-Pesa ya mwaka 2005 yalibuniwa ili watu walipe mikopo midogo kwa simu, lakini watumiaji wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, na huduma ilipozinduliwa mwaka 2007 ilijitangaza kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani. Waliobuni waliona watu wanafanya nini, wakaifuata njia hiyo.

Nitaeleza kisa cha chama kimoja cha ushirika, ambacho sitakitaja jina, kwa kuwa ndani yake mkakati uliokusudiwa na ule ulioibuka iliishi pamoja, na mtu angeweza kuona waziwazi kwa nini mmoja ulikwama na mwingine ukakua.

Mpango uliokusudiwa ulikuwa wa busara. Chama kilitaka kuacha kuuza maziwa yote mabichi kwa wasindikaji na badala yake kitengeneze mala na yogati. Yogati haivumilii maziwa mabaya. Maziwa yenye mabaki ya dawa za kutibu kiwele huua au kudhoofisha bakteria wanaogandisha yogati, na yenye bakteria wengi huchacha kabla ya wakati. Kwa hiyo mpango ulisema kwamba maziwa yatapimwa, mabaya yatakataliwa, na mkulima mwenye maziwa bora ataongezewa pesa kidogo kwa kila lita. Wakulima walifundishwa kuosha viwele, kutumia mikebe ya alumini na kutochanganya maziwa ya jioni na ya asubuhi. Baada ya msimu mzima, maziwa yaliyofika kwenye tangi la kupoza yalikuwa yale yale.

Nilipoombwa kutafuta sababu, sikuanza na kitabu cha mpango. Niliifuata lita moja ya maziwa kutoka kwa mkulima hadi kwenye hati ya malipo, na kila ilipobadilisha mikono niliuliza mambo matatu: nani anaamua hapa, nini kinaandikwa, na huyu analipwa kwa ajili ya nini. Namshauri kila meneja afanye vivyo hivyo, kwa miguu yake mwenyewe, kuanzia alfajiri.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa msafirishaji. Yeye ndiye aliyekuwa na laktomita kando ya barabara, kifaa kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji, na ndiye aliyetakiwa kuyakataa. Lakini alilipwa kwa kila lita aliyofikisha. Tuchukue kwamba malipo yake ni shilingi 3 kwa lita: akikataa lita 20 asubuhi moja, amejinyima shilingi 60, na juu ya hayo amegombana na jirani ambaye kesho atampa maziwa yake mchuuzi wa pikipiki. Halafu aliyamimina maziwa ya wakulima wengi katika mkebe mmoja wa lita 50. Mkebe huo ukikataa kupita kituoni kipimo cha alkoholi, kinachoonyesha maziwa yaliyoanza kuchacha, hakuna awezaye kusema ni maziwa ya nani yaliyoharibu ya wenzake. Hapo hapo barabarani, kabla jua halijachomoza, mpango wa ubora ulikuwa umekwisha.

Mkono wa pili ulikuwa wa mkaguzi wa kituoni, ambaye wengi humwita gireda. Alikuwa ameajiriwa vizuri na alijua kazi yake, ila alikuwa chini ya afisa wa ukusanyaji, ambaye naye kila Jumatatu aliulizwa na kamati swali moja tu: lita ngapi? Kila mkebe uliokataliwa ulipunguza hesabu ya bosi wake. Hakuna aliyemwamuru gireda apitishe maziwa mabaya, na hapakuwa na haja ya kumwamuru.

Mkono wa tatu ulikuwa wa karani wa malipo. Programu yake ya kompyuta ilikuwa na safu ya lita na safu ya makato, basi. Hapakuwa na mahali pa kuandika daraja la ubora. Ili nyongeza ilipwe ilibidi ipigwe kwa mkono, mkulima kwa mkulima, kwa hiyo ilicheleweshwa, na mwishowe kamati ikaamua kuwagawia wote sawasawa ili kuepusha manung'uniko. Mama aliyekuwa akiosha mkebe wake kwa maji moto kila siku alipata sawa na yule asiyeosha, na akajifunza kutokana na hati yake ya malipo kile ambacho chama kinakithamini kweli.

Juu ya wote hawa ilikuwa kamati yenyewe, iliyochaguliwa kwa maeneo. Mjumbe ambaye maziwa ya eneo lake yanakataliwa mara kwa mara hupoteza kura. Simu alizopigiwa na wakulima aliziwasilisha kwa meneja, na meneja akalegeza.

Alfred Chandler aliandika mwaka 1962, baada ya kuchunguza makampuni makubwa ya Marekani kama vile DuPont na General Motors, kwamba kampuni inayobadili mkakati bila kubadili muundo wake hupoteza ufanisi. Ningeongeza jambo moja kutokana na niliyoyaona: muundo wa zamani hausimami bure ukingojea maelekezo. Chama hiki kilijengwa ili kikusanye lita nyingi, na kila mtu ndani yake aliendelea kukusanya lita nyingi kwa uaminifu. Kuwaita wavivu ni kuwaonea.

Wakati huo huo, katika duka la agroveti la chama, mkakati mwingine ulikuwa ukikua bila mpango. Wanachama walimwomba mwenye duka chakula cha ng'ombe kwa mkopo, wakatwe mwisho wa mwezi. Akaanza kuandika katika daftari. Baadaye walikuja kuomba chumvi ya mifugo, kisha huduma ya kupandisha ng'ombe kwa mbegu, yote kwa makato. Kufikia wakati nilipofika, wanachama wengi walisema wazi kwamba wanabaki chamani kwa sababu ya mkopo wa chakula zaidi ya bei ya maziwa. Kitabu cha mpango kililitaja duka hilo katika sentensi moja.

Kwa nini duka lilifaulu bila semina? Safu ya makato ilikuwapo tayari katika programu ya malipo. Mwenye duka alikuwa na mamlaka ya kuamua pale pale. Mkulima aliona faida siku hiyo hiyo. Mkakati ulioibuka aghalabu hutoshea muundo uliopo, kwa kuwa umezaliwa ndani yake, na hiyo ndiyo nguvu yake. Haimaanishi kwamba ni mzuri. Mkulima ambaye deni lake lilikuwa kubwa kuliko maziwa ya mwezi hakuwa na sababu ya kuleta maziwa tena. Alimuuzia mchuuzi kwa pesa taslimu, na chama kikabaki na daftari. Dalili yake huonekana mapema kwa anayeangalia: lita za mkulima zinashuka ghafla mwezi unaofuata mkopo mkubwa, ilhali ng'ombe wake hawajakauka. Hapa niliwashauri wasilifunge duka wala wasiliandikie mpango mrefu. Waliweka mpaka mmoja, kwamba mkopo usizidi nusu ya malipo ya maziwa yanayotarajiwa, na ndani ya mpaka huo mwenye duka akaachiwa uhuru wake.

Ule mpango wa ubora ulihitaji kazi ya aina nyingine, na nilisisitiza kwamba ufanywe katika njia moja ya ukusanyaji kwanza. Msafirishaji wa njia hiyo alianza kulipwa kiasi maalumu kwa safari, na nyongeza kwa lita zilizokubaliwa tu. Wakulima waligawanywa katika vikundi vidogo vya majirani, kila kikundi na mkebe wake wenye namba, ili mkebe ukikataliwa wajuane wenyewe. Gireda alihamishiwa chini ya meneja moja kwa moja, na kamati ikapitisha azimio kwamba uamuzi wake haubatilishwi kwa simu ya mjumbe. Programu ya malipo iliongezwa safu ya daraja, na nyongeza ikatokea katika hati ya mwezi ule ule. Hatua hii ya mwisho ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi, na ningependa wasomaji waione kuwa sehemu ya mkakati, si kazi ndogo ya fundi wa kompyuta.

Maziwa ya njia hiyo yalibadilika. Lita zilipungua mwanzoni, kama tulivyotarajia, na mjumbe wa eneo hilo alihitaji kutetewa mbele ya wenzake. Lakini tulipotaka kupanua utaratibu huo kwa njia zote, tulikutana na kikwazo kilichokuwa nje ya chama. Msindikaji aliyenunua sehemu kubwa ya maziwa alilipa bei moja kwa maziwa yote yaliyopita kipimo chake, yawe bora sana au ya wastani. Pesa ya nyongeza ingetoka wapi? Ilitoka kwenye mala na yogati pekee, na bidhaa hizo zilitumia sehemu ndogo tu ya maziwa ya chama. Kwa hiyo tuliufupisha mpango: nyongeza ya ubora katika njia zile tu zinazolisha chumba cha yogati, na njia nyingine ziendelee kupimwa kwa vipimo vya kawaida hadi apatikane mnunuzi anayelipa kwa daraja.