Maswali na majibu: msimbo kwenye slaidi

Shikamoo mwalimu. Nina fanksheni ya mistari 38 na nataka kuwaonyesha wanafunzi kosa lililomo. Nikiipunguza naogopa wataniambia msimbo haujakamilika.

Marahaba. Kweli haujakamilika, na iwe hivyo. Kinachoendeshwa ni faili. Slaidi ni ya kusomwa na macho. Ukitandaza mistari yote 38, kila mtu ataanza kusoma kuanzia juu. Wewe ukiwa unaeleza mstari wa 30, wenzako wako kwenye wa 9, na maneno yako yanapita hewani.

Nikupe mfano wa somo ninalolirudia kila muhula. Fanksheni yangu ya kikapu cha dukani ilikuwa inakagua bei, inatafuta kama bidhaa ipo ghalani na kuandika kumbukumbu kwenye faili. Kosa halikuhusiana na lolote kati ya hayo, kwa hiyo nilifuta yote yakabaki haya:

```python
def ongeza(bidhaa, kikapu=[]):
    kikapu.append(bidhaa)
    return kikapu

ongeza("unga")     # ['unga']
ongeza("sukari")   # ['unga', 'sukari']
```

Mteja wa pili amenunua sukari tu, lakini kapewa na unga wa mwenzake. Ninanyamaza hapo kidogo, darasa lilione lenyewe. Slaidi inayofuata ni nakala ya hiyohiyo (bonyeza `Ctrl+D`), ila mistari yote nimeipaka kijivu isipokuwa ule wa kwanza. Jicho linakwenda lenyewe kwenye `kikapu=[]`, nami naeleza kwamba Python hutengeneza orodha hiyo mara moja tu, pale fanksheni inapotangazwa, na kila mwito usioleta kikapu chake huikuta ileile. Slaidi ya tatu ina dawa:

```python
def ongeza(bidhaa, kikapu=None):
    if kikapu is None:
        kikapu = []
    # ...
```

Angalia mambo mawili. Msimbo usihame kutoka slaidi moja kwenda nyingine hata kidogo, ndiyo maana nanakili slaidi nzima badala ya kuubandika msimbo upya. Msimbo ukisogea kidogo tu, watu wataanza kutafuta kilichobadilika mahali ambapo hakijabadilika kitu. Pili, kipande kilichobaki baada ya kukata kiendeshe peke yake kabla ya somo. Mimi nilishawahi kufuta mstari uliotangaza `jumla` nikauacha unaoitumia. Kijana wa kiti cha mbele akauliza, “Mwalimu, hiyo `jumla` imetoka wapi?” Dakika kumi zikaishia hapo. Palipokatwa weka `# ...` ili ijulikane kuna kitu umekiacha kwa makusudi, na faili nzima wape baada ya somo.

Fonti gani, na ukubwa gani? Kwenye kompyuta yangu inaonekana vizuri, lakini wa nyuma wanalalamika.

Tumia fonti ambayo herufi zake zote zina upana sawa, yaani `i` inachukua nafasi ileile ya `m`. Windows ina Consolas, Mac ina Menlo. Courier New nayo ni ya upana sawa, ila wino wake ni mwembamba mno. Mwanga wa projekta unaumeza. Fonti ya kawaida ya slaidi ina nafasi nyembamba kati ya maneno, hivyo zile nafasi nne za kuingiza mstari ndani zinakuwa kitu kidogo kisichoonekana, na katika Python hizo ndizo zinazosema mstari ni wa nani. Chagua pia fonti ambayo `0` na `O`, `1` na `l` hazifanani.

Ukubwa nauanzia pointi 28, kisha napiga hesabu. Slaidi pana ya PowerPoint ina inchi 13.33 kwa 7.5. Ukiacha pambizo unabaki na inchi 12 hivi, yaani pointi 864. Herufi ya Consolas ina upana wa takriban 0.55 ya ukubwa wake, kwa hiyo kwa 28 kila herufi inakula pointi 15.4, na mstari mmoja unabeba herufi 56. Kwenda chini, ukishatoa kichwa cha slaidi, inaingia mistari kama 11. Mstari ukizidi herufi 56, ukate ndani ya mabano ushuke chini. Ukipunguza fonti ili utoshe, umeshawapoteza wa nyuma. Kujaribu ni rahisi: fungua slaidi ijae skrini ya kompyuta, rudi nyuma hatua tano, usome kwa sauti.

Tena, hamisha kazi yako iwe PDF kabla ya kwenda. Kompyuta ya ukumbini ikikosa fonti yako, PowerPoint itaweka nyingine bila kukuuliza, na mpangilio wote utakwenda kombo.

Wanafunzi walinakili msimbo kutoka kwenye slaidi zangu, wote wakapata `SyntaxError`. Kwangu unaendeshwa bila shida!

Uliuchapa ndani ya slaidi, sivyo? PowerPoint inapokuona unachapa inadhani unaandika barua. Inazigeuza nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na Python haizijui. Ujumbe wake huwa hivi:

```
SyntaxError: invalid character '“' (U+201C)
```

Wakati mwingine inakuza pia herufi ya kwanza, `print` ikawa `Print`. Nenda `File > Options > Proofing > AutoCorrect Options`, uzime vyote viwili. Bora zaidi, usichape msimbo kwenye slaidi kabisa: uandike kwenye kihariri, uuendeshe, ndipo uunakili.

Napenda mandhari nyeusi yenye rangi za kung'aa. Ukumbini ikawa kama ukungu. Projekta mbovu?

Huenda ni nzima. Projekta inatupa mwanga tu, haiwezi kutupa giza. “Nyeusi” yako ni rangi ya kitambaa cha kuonyeshea pamoja na mwanga wa madirisha. Chumba kikiwa na mwanga, weka mandhari nyeupe na maandishi meusi.

Kwenye VS Code bonyeza `Ctrl+K` kisha `Ctrl+T`, chagua mandhari nyeupe, ndipo unakili. Ukibandika kwa kuchagua `Keep Source Formatting`, rangi zinakuja nazo. Usinakili ukiwa bado kwenye nyeusi, kwani manjano iliyokusudiwa giza haisomeki juu ya nyeupe.

Rangi za sintaksia humsaidia msomaji kutenganisha haraka neno la lugha, maandishi ya ndani ya nukuu na maelezo. Tatu zinatosha. Maelezo huwa ya kijivu hafifu, na projektani yanafutika, basi yakoleze kidogo au uyaondoe. Na usiseme “tazameni ile nyekundu, si ile ya kijani”: katika darasa kubwa huenda wapo wanaume wasiotofautisha hizo mbili. Mstari unaotaka utazamwe uache mweusi mzito, mingine ififishe. Hiyo kila mtu anaiona.

Kwa nini nisipige tu picha ya skrini nikaibandika?

Unaweza, kama una dakika tano tu za maandalizi. Kuza kwanza herufi za kihariri kwa `Ctrl` na `+` mpaka yabaki mistari kumi hivi, funga orodha ya mafaili ya pembeni, ndipo upige. Ukiikuza baadaye ndani ya slaidi, kingo za herufi zinakuwa na ukungu. Shida utaipata utakapogundua umekosea herufi moja dakika kumi kabla ya somo: maandishi ungesahihisha palepale, picha itabidi uipige upya.